Mvua, nyumba na njia katika hadithi: mbona wananiambia mvua yangu ni pambo tu?

Bint_Mkomani
Assalaam alaykum wanajukwaa. Naandika hadithi fupi na nimekwama. Maryamu, mwanamke wa makamo, amerudi Amu, yaani Lamu, kutoka Mombasa kuja kuuza nyumba aliyoachiwa na mamake huku mtaani Mkomani. Kakake, Athumani, hataki iuzwe, ila kisheria hana neno kwa sababu nyumba ilikuwa ya mama na mama aliiandika kwa bintiye. Nimewaonyesha wenzangu mwanzo wake, wakaniambia mandhari yangu "hayasemi kitu". Mwanzo wenyewe huu hapa:

"Mvua ilikuwa ikinyesha. Mawingu meusi yalitanda juu ya Amu kama huzuni iliyotanda moyoni mwa Maryamu. Alisimama mbele ya nyumba ya mamake, nyumba kongwe, machozi yakichanganyika na matone. Mbele yake njia ilikuwa ndefu na yenye giza."

Mimi naona mvua ni huzuni, nyumba kongwe ni kumbukumbu, njia ni maisha yaliyobaki. Hiyo si ishara? Tukio ni mwezi wa Julai. Nisaidieni, na msinionee haya.

Kalamu_ya_Pwani
Dada, mimi naona uko sawa, wenzako wanakubana bure. Ishara zina maana zake zinazojulikana. Mvua ni huzuni au baraka, giza ni uovu, barabara ni safari ya maisha, mlango uliofungwa ni nafasi iliyopotea. Tulisomeshwa hivyo na wasomaji wote wanazijua. Ongeza radi pale kakake anapokasirika, hapo itakaa vizuri.

Kidato_cha_Nne
Habari zenu. Samahani, mtihani ukiuliza "eleza umuhimu wa mandhari katika hadithi" naweza kuandika hizo za Kalamu? Ni hoja ngapi zinatosha alama kumi?

Maalim_Mstaafu
Mwanangu wa Kidato cha Nne, tulia kwanza usome uzi wote, jibu lako limo humu.

Bint Mkomani, wa alaykum salaam. Kalamu ana sehemu ya haki. Msomaji huja na mzigo wake: akiona mawingu meusi anajua kuna jambo zito linakuja. Huwezi kumnyang'anya mzigo huo, na mwandishi mzuri huutumia. Tatizo la orodha ni kwamba mvua ile ile ingeweza kunyesha Kakamega, Tanga au Kigali na hadithi isibadilike hata neno. Jaribu hivi: chukua mvua yako uihamishe hadi ukurasa wa mwisho, au uiondoe kabisa. Je, kuna mtu atakayefanya jambo tofauti? Maryamu bado atasimama mbele ya nyumba, bado atalia. Basi mvua haijafanya kazi yoyote, imeajiriwa kulia tu.

Halafu "kama huzuni iliyotanda moyoni mwa Maryamu". Hapo umempa msomaji ishara na jibu lake katika sentensi moja. Hakuna kilichobaki afanye.

Kitu cha mandhari hubeba maana kikiwa kwanza kina kazi katika maisha ya wale watu, na msomaji ameiona hiyo kazi. Ndipo kazi hiyo ikikatika au ikigeuzwa, maana inazuka bila kutajwa. Tazama Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir katika utenzi wake wa Al-Inkishafi. Alipotaka kuonyesha kwamba ukwasi wa mji wa Pate umekwisha, aliingia ndani ya majumba. Zidaka zilizokuwa zikipangwa vyombo vya kauri sasa wamelala makinda ya ndege, na bundi anakoroma katikati ya nyumba. Nguvu yake inatoka wapi? Msikilizaji wa zama zile alijua zidaka ni za nini, alijua ni mwenye mali gani anayeweza kuzijaza. Hakuhitaji kuambiwa "ukwasi umekwisha".

Fundi_Chokaa
Maalim amesema. Mimi si mtu wa hadithi, mimi nakarabati majumba haya, lakini hiyo "nyumba kongwe" imeniudhi kidogo. Kongwe vipi? Nyumba ya mawe ya Amu haizeeki tu hivi hivi, inaanguka kwa utaratibu wake.

Inaanzia juu. Dari letu ni boriti za mikoko, juu yake mawe, juu yake zege la chokaa lililopigwa likashikana. Chokaa ikipata ufa na hakuna mtu wa kuuziba, mvua ya masika inaingia taratibu. Huoni kitu chini. Unaona tu doa la rangi ya chai kwenye dari, karibu na ukuta, pale kichwa cha boriti kinapoingia ukutani. Kile kichwa ndicho kinachooza kwanza kwa sababu unyevu unakaa mle hautoki. Miaka inapita, boriti inapinda, siku moja linashuka pande zima. Dari likishaondoka, mvua inapiga juu ya kuta zenyewe, na ule udongo na chokaa ulioshika mawe unaoshwa. Ukuta wa nusu mita unene unabaki chungu la mawe.

Kwa hiyo mvua haiililii nyumba. Mvua ndiyo inayoiua nyumba, na inaiua kwa sababu kuna mtu hakupanda juu kuziba ufa. Sasa kwenye hadithi yako, nani hakupanda juu?

Bint_Mkomani
Subhanallah. Hilo swali la mwisho… Athumani ndiye aliyebaki Amu. Yeye anayesema nyumba isiuzwe ndiye angepaswa kupanda juu.

Fundi_Chokaa
Ndiyo. Na Maryamu aliyekuwa Mombasa alikuwa akituma pesa au hakutuma? Doa lile lile kwenye dari wataligombania wote wawili.

Maalim_Mstaafu
Umeona? Fundi ametoa doa moja la chai, na tayari kuna shutuma, kuna kujitetea, kuna historia ya familia. Hakuna aliyesema neno "huzuni". Na ukitaka mvua yako, sasa unayo: ikinyesha wakiwa ndani, wote wawili watatazama juu kwa wakati mmoja, kila mmoja akijua mwenzake anawaza nini. Hapo ukiiondoa mvua, tukio linakufa.

Nahodha_wa_Shela
Nawasikiliza tu, ila Julai na hiyo mvua kubwa hapana. Mvua yenyewe ya Amu ni masika, Aprili mpaka Juni, Mei ndiyo zaidi. Julai kusi imeshika. Manyunyu yapo, lakini mwenyeji akikumbuka Julai anakumbuka upepo. Bahari ya nje imechafuka, mashua ndogo zinavua humu humu ndani ya mlango wa bahari na mikondoni, samaki wanapanda bei, wavuvi wanakopa dukani.

Kwa hiyo kama Athumani ni mvuvi, Julai ndio wakati wake mbaya kabisa. Dadake amekuja kuuza nyumba katika mwezi ambao yeye hana kitu mfukoni. Hata angetaka kuinunua yeye hawezi.

Kalamu_ya_Pwani
Vizuri, basi kusi iwe ishara ya shida na kaskazi iwe ishara ya neema. Ndicho nilichokuwa nasema, kila hali ya hewa ina maana yake.

Nahodha_wa_Shela
Ya nani? Babu zetu waliosafiri, majahazi yalikuja huku na kaskazi na kusi ndiyo iliyoyarudisha Uarabuni. Kwa baharia aliyekaa huku miezi akingoja, kusi ilikuwa kurudi kwao kwa mkewe. Kwa mwanamke wa Amu aliyeolewa na baharia yule, kusi hiyo hiyo ilikuwa kuachwa. Upepo mmoja. Na leo mwenye nyumba ya wageni Shela akisikia kaskazi anawaza vyumba vimejaa Desemba, mvuvi anawaza maji yametulia.

Maalim_Mstaafu
Nahodha, ungesomesha fasihi wewe. Kalamu, hapo ndipo orodha inapovunjika. Maana haikai ndani ya upepo, inakaa kati ya upepo na mtu anayeutazama. Bint Mkomani akiandika kwa jicho la Athumani, kusi ni deni. Akiandika kwa jicho la Maryamu aliyezoea Mombasa, huenda kusi ni mchanga machoni tu, na kutoelewa kwake upepo huo ndiko kunakoonyesha amekuwa mgeni kwao.

Mjukuu_wa_Malindi
Jamani naombeni mnisaidie na mimi. Sisi tuna nyumba ya bibi Malindi, karibu na Shela ya huku kwetu, si hiyo ya Amu. Wajukuu tumegawanyika, wengine wanataka kuuza. Mlango ni wa kuchonga, wa zamani sana. Hivi mlango peke yake unaweza kuuzwa? Na fundi anachukua kiasi gani kutengeneza dari?

Fundi_Chokaa
Kaka, hapa ni hadithi ya kutunga. Nitumie ujumbe pembeni. Ila kabla hujaugusa mlango ulizia sheria za majengo ya kale, usije ukajuta.

Bint_Mkomani
Pole Mjukuu, na umenipa wazo: mnunuzi anayetaka mlango tu, hataki nyumba. Nimeliandika.

Maalim, sasa nyumba yenyewe. Nimeambiwa na wengi "nyumba ni mhusika". Nifanye nini ili iwe mhusika? Nimeelezea zidaka, nakshi za plasta, kiwanda, msana, kila kitu, kurasa mbili nzima.

Maalim_Mstaafu
Kurasa mbili zikatwe. Hiyo ni ziara ya mtalii. Usiielezee nyumba, watembeze watu ndani yake.

Wewe ni wa Mkomani, unajua kuliko mimi. Nyumba ya Amu imepangwa kwa hatua. Nje kuna daka na baraza zake, hapo anakaa yeyote. Halafu tekani, iliyopindishwa ili mtu wa mlangoni asione ndani. Halafu kiwanda, wazi juu, mwanga unaingilia hapo. Kisha vyumba vinafuatana, msana wa tini, msana wa yuu, ndani, na sakafu inapanda kidogo kila unapozidi kwenda. Mwisho nyumba kuu, mahali walipokuwa wakizaliwa watoto na kuoshewa maiti. Kadiri mtu anavyoruhusiwa kwenda mbele ndivyo alivyo wa karibu. Msomaji akishalijua hilo, huna haja tena ya kumweleza nani anampenda nani. Mwonyeshe tu amesimama wapi.

Sasa wachukue watu wako watatu. Mnunuzi siku ya kwanza anapokewa barazani, anapewa kahawa. Athumani siku hiyo yuko ndani kabisa, amelala kwenye chumba alichozaliwa. Siku ya pili mnunuzi anafika kiwandani anatazama juu, anapima kwa macho. Athumani amekaa msana wa tini, amevaa kofia, hazungumzi. Siku ya tatu mnunuzi yuko ndani, anapitisha kidole kwenye zidaka, anauliza kama zinavuja. Athumani siku hiyo anabisha hodi. Anabisha hodi kwenye nyumba ya mamake, na Maryamu anamjibu "karibu", kama anavyomjibu mtu baki. Mahali anapomkaribisha ni barazani.

Mmoja anaingia, mwingine anatoka, katika njia ile ile. Hakuna sentensi ya kusema undugu umevunjika.

Langoni_Daima
Hapo kwenye hodi nimesisimka. Ila naomba kuuliza kinyume: msomaji wa Nakuru au Dodoma atajuaje kwamba kufika ndani ni jambo kubwa? Yeye kwake sebuleni wanaingia wote. Hii ishara si itakuwa ya watu wa Amu peke yao?

Maalim_Mstaafu
Ndiyo maana kunahitajika mara ya kwanza iliyo ya kawaida. Kabla ya mnunuzi kuja, weka tukio dogo lisilo na uzito: muuza samaki anaita mlangoni, anapewa pesa pale pale tekani, na mtoto anayechungulia anakemewa. Msomaji wa Dodoma amejifunza sheria ya nyumba bila kusomeshwa. Mara ya pili sheria ikivunjwa ataisikia. Kitu kikitokea mara moja tu ni pambo, na kikirudi vile vile bila mabadiliko kinachosha. Kirudi, lakini kirudi kimegeuka.

Langoni_Daima
Nimeelewa, sijakubali. Kuna mambo msomaji wa mbali hatayapata hata ufanye nini, na mimi naona ni sawa ayakose. Akina sisi tuna haki ya hadithi yetu isiyosimama kila mara kumwelekeza mgeni njia.

Maalim_Mstaafu
Hilo ni la kila mwandishi na dhamiri yake. Mimi naegemea kumfungulia mlango kidogo. Wewe usifungue, hadithi haitakufa.

Bint_Mkomani
Nitafikiria. Bado njia. "Njia ilikuwa ndefu na yenye giza."

Langoni_Daima
Mkomani hakuna njia ndefu dada! 😄 Kichochoro kinapinda kabla hujamaliza bismillahi. Njia zetu hazifai kuwa "safari ya maisha" mpaka upande gari ufike bara.

Njia ya Amu ina jambo lake jingine. Ni nyembamba, hakuna gari, na punda mwenye mzigo wa mawe akipita wewe unajibanza ukutani. Watu wawili wakikutana lazima wapishane bega kwa bega, na lazima salamu. Huwezi kujifanya hujamwona mtu. Kwa ndugu waliogombana hiyo ni adhabu ya kila siku. Athumani akianza kuzunguka kwa njia ya pwani kwenda msikitini ilhali msikiti uko nyuma ya nyumba, mtaa mzima utajua.

Maalim_Mstaafu
Hiyo ni bora kuliko kurasa zangu zote.

Fundi_Chokaa
Na wikio je? Nyumba nyingi zile baba alikuwa akimjengea binti yake upande wa pili wa njia, kisha anaunga juu kwa wikio, ili wanawake wapite kutoka nyumba hadi nyumba bila kukanyaga njiani. Nimewahi kuitwa kuziba mlango wa wikio kwa mawe na chokaa. Sitasema wapi wala kwa nini. Kazi yenyewe ya siku moja tu. Lakini chini, mpita njia anaendelea kuliona wikio liko pale pale, zuri, linaunganisha nyumba mbili, na ndani halipitiki.

Kalamu_ya_Pwani
Hii sasa ni ishara hata kwangu. Basi Bint aitumie, wikio limezibwa, undugu umekatika. Mwanzo kabisa wa hadithi.

Maalim_Mstaafu
Ingekuwa mimi nisingeiweka mwanzo, na labda nisingeiweka kabisa. Tayari ana dari lenye doa, ana kusi, ana hatua za mnunuzi na Athumani, ana njia ya pwani. Wikio ni zito, likiingia litayameza yote hayo. Hadithi fupi haiwezi kubeba ishara tano zinazopiga kelele. Achague moja iwe uti wa mgongo, nyingine zibaki kazi za kawaida za siku.

Fundi_Chokaa
Mimi ningechagua wikio, Maalim. Dari linaweza kutengenezwa.

Nahodha_wa_Shela
Mimi kusi. Bila kusi Athumani ana visingizio tu.

Bint_Mkomani
Nimeandika upya mwanzo. Mvua nimeitoa, Athumani nimemfanya mvuvi, kuhusu wikio bado sijaamua:

"Kusi ilikuwa imeshika wiki ya tatu. Muuza samaki aliita tekani, akataja bei, Maryamu akadhani ni mzaha wa kumpima mtu aliyetoka Mombasa. 'Bahari imefunga, bibi,' akasema yule mzee. 'Muulize nduguyo.' Maryamu alilipa. Alipogeuka alimwona Athumani amesimama kiwandani, kichwa amekiinua, anatazama dari la msana. Naye akatazama. Doa lilikuwa limefika kwenye boriti ya tatu.
'Lilianza lini?' akauliza.
'Ulipoacha kuuliza,' akajibu Athumani."

Kalamu_ya_Pwani
Ni nzuri, lakini mtu hajui kama ana huzuni.

Langoni_Daima
Anajua, Kalamu.

Maalim_Mstaafu
"Ulipoacha kuuliza" ni jibu kali mno kwa ukurasa wa kwanza. Athumani akishasema hivyo, siku ya tatu atakapobisha hodi atakuwa amebaki na nini? Mpe jibu la kitaalamu: "Masika ya mwaka juzi." Shutuma ibaki juu darini.

Fundi_Chokaa
Na boriti ya tatu kutoka wapi? Kama mlango wa kiwanda uko kusini, doa litaanzia upande wa ukuta wa nje, si katikati. Nielekeze nyumba imekaa vipi nikuambie.

Kidato_cha_Nne
Nimesoma uzi wote. Kwa hiyo hoja ni tatu au nne?